Uzoefu wangu na Denon AVR-X1700H: spika za pembeni kwenye sebule yenye kochi lililobanwa ukutani

Nimeitumia risiva hii, mashine inayoendesha spika za sinema ya nyumbani, kwa muda wa kutosha sasa, na nataka kuzungumzia jambo moja tu: spika za pembeni zikae wapi, na zile namba za umbali kwenye menyu zinafanya kazi gani. Mambo ya wati na picha yameshaandikwa sana. Hili la umbali watu wengi hulipita, na ndilo linaloamua kama mvua ya kwenye filamu itakuzunguka pale ulipokaa au itatoka kwenye boksi lililo karibu na sikio lako.

Sebule yangu ni ya nyumba ya kawaida ya Dar. Upana wake haufiki mita 4, mlango uko upande wa kulia, na kochi kubwa limegusa ukuta wa nyuma kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka. Ili watu wapite kuelekea mlangoni, kochi limesogezwa kushoto, na TV ya inchi 55 ikafuata kochi. Kwa hiyo nikikaa katikati ya kochi, TV iko mbele yangu sawasawa, lakini ukuta wa kushoto uko karibu kuliko wa kulia. Nadhani sebule nyingi za mjini zina sura hii, ndiyo maana naandika kwa vipimo vyake.

Fundi aliyekuja kupitisha waya alitaka kuzifunga spika za nyuma juu kabisa, kwenye kona mbili zinazogusa dari. "Kaka, spika za nyuma kote tunaweka huko," aliniambia. Nikamwomba tusifanye hivyo. Kwenye mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa, hizi mbili kwa kweli ni za pembeni. Mwongozo wa Dolby unazitaka kati ya nyuzi 90 na 110 kutoka pale unapotazama, yaani usawa wa masikio yako au nyuma yake kidogo. Ukizipeleka kwenye kona ya dari, kona inaongeza uzito wa sauti za chini, na sauti inayotakiwa ipite ubavuni inakufikia kutoka kisogoni na juu.

Kochi likiwa ukutani hata huna nafasi ya kwenda nyuma sana. Kichwa changu kiko kama sentimita 35 kutoka ukuta wa nyuma, kwa hiyo tulizifunga kwenye kuta za pembeni, sentimita 20 nyuma ya usawa wa masikio. Hapo inatoka kama nyuzi 98 kushoto na 96 kulia, ndani kabisa ya kiwango.

Urefu nao una sababu yake. Tuliziinua sentimita 60 juu ya masikio ya mtu aliyekaa, kwa ajili ya yule anayekaa mwisho wa kochi upande wa kushoto. Spika ingekuwa usawa wa sikio, mtu huyo angekuwa nusu mita kutoka kwake, na mimi wa katikati mita 1.4. Mimi ningekuwa mbali karibu mara tatu kuliko yeye. Ukiipandisha sentimita 60, yeye anakuwa kama sentimita 78 na mimi mita 1.5, tofauti inashuka hadi chini ya mara mbili. Mke wangu ndiye hukaa pale, na anaangalia filamu nzima bila kulalamika kwamba kuna kitu kinampigia kelele sikioni. Kama spika yako inaweza kugeuzwa, ielekeze ipite juu ya kichwa cha aliye karibu, itazame ukuta wa upande wa pili.

Sasa twende kwenye umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, zaidi kidogo kwa joto letu. Kila mita moja inachukua karibu milisekunde 3. Ni muda mdogo sana, lakini sikio linaujua: sauti moja ikitoka sehemu mbili, sikio linaamini imetoka kule ilikotangulia kufika. Kazi ya ile menyu ni kuhakikisha hakuna spika inayotangulia kwa sababu tu iko karibu.

Nilipima kwa futi ya fundi, kutoka pale kichwa changu kinapokaa hadi uso wa spika. Spika mbili za mbele zilikuwa mita 2.9 kila moja, ya kati chini ya TV mita 2.6, ya pembeni kushoto mita 1.5 na ya pembeni kulia mita 2.1. Risiva inatafuta iliyo mbali zaidi, halafu inazisubirisha nyingine. Tukiiacha sabufa kwanza, za mbele ndizo za mbali. Ya kati iko karibu kwa sentimita 30, kwa hiyo inacheleweshwa kama milisekunde 0.9. Ya kulia iko karibu kwa sentimita 80, inacheleweshwa kama 2.3. Ya kushoto iko karibu kwa mita 1.4, inacheleweshwa kama 4.1. Zote zinafika kwangu pamoja.

Hapa kuna mambo mawili ambayo yakieleweka, menyu nzima inakuwa nyepesi. La kwanza, kinachohesabika ni tofauti kati ya spika na spika. Kama umepima zote ukaongeza sentimita 20 kila mahali, hakuna kitakachoharibika. Ukikosea moja peke yake, hapo ndipo mambo yanapopinda. La pili, namba ndogo maana yake ni kucheleweshwa zaidi. Mtu akitaka spika ya nyuma isikike zaidi, hupunguza umbali akidhani ameisogeza karibu. Haiwi na sauti kubwa zaidi, inachelewa tu. Kiwango cha sauti kina ukurasa wake, Levels, na umbali una wake, Distances. Vyote viko kwenye Setup > Speakers > Manual Setup.

Risiva ina upimaji wake wa Audyssey, unaotumia maikrofoni inayokuja kwenye boksi. Nautetea kwa moyo wote, ila una masharti. Nafasi ya kwanza ya maikrofoni ndiyo inayotumika kuhesabu umbali na viwango vya sauti, kwa hiyo iweke pale pale kichwa cha mtu wa katikati kinapokuwa, kwa urefu wa masikio, juu ya stendi ya kamera. Usiishike mkononi wala usiilaze kwenye mto wa kochi. Zima feni. Zima AC. Fanya usiku boda boda zikipungua, maana kelele zikizidi inagoma na kukuonyesha ujumbe kwenye skrini. Nafasi zinazofuata zizunguke kochi, maikrofoni isigusane na ukuta.

Ilipomaliza, nililinganisha na namba za futi. Spika tano zilipishana na futi kwa sentimita chache tu. Sabufa ndiyo iliyotofautiana sana: futi ilisema mita 3.1, risiva ikasema 4.3. Usiisahihishe hiyo! Ndani ya sabufa kuna saketi za kuchuja sauti, nazo huichelewesha kabla haijatoka. Maikrofoni imesikia ucheleweshaji huo na kuuhesabu kama umbali, na ndivyo inavyotakiwa. Nilijaribu kuandika 3.1 ili nisikie tofauti, na ngoma zikapungua kifua palepale. Sababu yake inaeleweka: wimbi la sauti ya 80 Hz, ambapo spika zangu zinaikabidhi sabufa kazi, lina urefu wa karibu mita 4.3. Kosa la mita 1.2 ni zaidi ya robo ya wimbi hilo, kwa hiyo sabufa na spika za mbele zinaanza kupunguzana badala ya kusaidiana. Nikarudisha 4.3.

Utajuaje kwamba umbali wa za pembeni umekaa sawa? Ile sauti ya majaribio ya risiva haitakuambia, kwa sababu inapiga spika moja moja. Mimi hutumia mtu anayezungumza, taarifa ya habari ya redio inatosha, na naweka Multi Ch Stereo ili sauti ile ile itoke kila mahali. Nikikaa katikati, msomaji wa habari awe mbele au aenee sebuleni, lakini asivutwe upande mmoja. Akivutwa kushoto, nitaangalia kwanza kiwango cha sauti cha spika ile, kisha namba ya umbali: huenda imeandikwa kubwa kuliko ukweli, ikawa haisubirishwi vya kutosha. Kwangu kiwango cha kushoto kilishushwa karibu desibeli 3 chini ya cha kulia, jambo linaloendana na mita 1.5 dhidi ya 2.1. Na kama sauti ya spika mbili inakuwa nyembamba na haina mahali inapotoka, chungulia nyuma ya spika. Mara nyingi waya mwekundu na mweusi zimebadilishana upande mmoja.

Fundi wangu alitaka pia waya za kushoto na kulia ziwe na urefu sawa "ili sauti zifike pamoja." Haina haja. Waya wa mita 5 na wa mita 12 haviachani kwa muda ambao sikio linaweza kuutambua. Ya kulia ilizunguka juu ya mlango, ikatumia waya mrefu zaidi, na namba ya umbali ilibaki ile ya kutoka kwenye spika hadi sikioni.

Umbali pia hauponyi midomo inayopishana na maneno kwenye TV. Hiyo ni Audio Delay, ukurasa mwingine. Na ukiona spika za pembeni kimya kabisa kwenye filamu unayojua ina sauti ya kuzunguka, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV. Kama inatoa PCM kupitia HDMI ARC, risiva inapokea stereo tu. Ibadilishe iwe Bitstream, au jina linalofanana na hilo kwenye TV yako.

Upungufu ninaouona ni kwamba namba hizi zinamhudumia mtu mmoja, wa katikati. Anayekaa kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango bado anaisikia spika ya kulia kuliko nyingine zote, na hakuna menyu itakayomsaidia. Kwa hilo ningeshauri kusogeza kiti kabla ya kununua kitu kingine.

Kwa sebule kama yangu naipendekeza risiva hii bila kusita. Mwenye risiva ya zamani isiyo na maikrofoni asijione amekosa mengi kwenye spika zile tano: futi ya fundi na mtu wa pili wa kushika upande mmoja vinatosha. Sabufa ndiyo itakayomhitaji akae chini, apige wimbo wenye ngoma nzito, na aongeze umbali wake sentimita 30 kila mara hadi pale besi inaposikika imejaa kuliko kwingine kote.