Shildi ya kebo: ufunge ethi upande mmoja au pande zote mbili?

Niliikuta shida hii kwenye tangi la maji la mita 10, transmita ya 4-20 mA iko kama mita 80 toka paneli, na pampu ikiwaka tu usomaji unapanda sentimita 10 hivi, ikizimwa unarudi. Ukipiga hesabu, toka mA 4 hadi 20 ni mA 16, nazo ndo mita 10 zote, kwa hiyo hizo sentimita 10 ni mA 0.16 tu, kidogo sana.

Shildi ilikuwa imefungwa ethi huku na kule. Shida ni kwamba ethi ya kule tangini na ya paneli hazina volteji sawa, hasa pampu ikivuta, basi mkondo unapita kwenye shildi yenyewe na kuchafua signo iliyo ndani. Nikaweka klampumita kwenye shildi, kweli kuna mkondo. Nikafungua upande wa tangi, nikaufunika kwa mpira wa kubana, usomaji ukatulia palepale. Ila pima volteji kwanza kabla hujashika ile ncha, usije ukarushwa bure.

Kwa hiyo signo za polepole kama hizi mimi nafunga upande wa paneli tu. Lakini usichukulie ndo sheria ya kila kebo, maana ile ya inveta kwenda kwenye mota inatoa kelele za masafa ya juu, na hapo upande mmoja hautoshi, funga pande zote mbili, tena kwa klampu inayoizunguka shildi yote, siyo kamkia ka waya.