Nimesoma sera ya faragha ya duka la shoga yangu mpaka mwisho, kifungu cha tisa kimenshtua

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo sichambui simu wala sabufa, leo nna maandishi, sera ya faragha pamoja na masharti ya uchakataji wa taarifa yanayokuja na mfumo mmoja wa kufungulia duka la mtandaoni. Shoga yangu anauza udi, kanga na viungo pale Darajani, wateja wengine wako Pemba, mfumo anaulipia kwa mwezi, akaniambia hebu nisomee basi, mie nimebonyeza tu nakubali. Jina la mfumo silitaji, msiniulize.

Mie sianzi kwa kusoma, naanza kwa kuagiza. Nimeagiza pakiti ya karafuu ipelekwe Wete, halafu naifuata namba yangu ya simu inakokwenda. Fomu imetaka jina, simu, imeli, mtaa na tarehe ya kuzaliwa. Karafuu na tarehe ya kuzaliwa wapi na wapi? Nimemuuliza, kasema ilikuja hivyo hivyo na fomu.

Sasa namba yangu: imeingia kwenye seva ya mfumo, ikaenda kwa kampuni inayotuma meseji ya kuthibitisha oda, halafu shoga yangu akapiga picha skrini nzima akamrushia wasap kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo bandarini, na yule naye akamrushia mwenziwe anayepokea Wete. Picha ina jina langu, simu, imeli, mtaa, kila kitu. Na sera imeandika nini? "Hatumpi mtu yeyote taarifa zako." Hakukusudia kudanganya, sera ni ya kukopi, lakini aliyeandika hiyo sentensi hakuwahi kupeleka mzigo Pemba. Tumeibadilisha: mpelekaji anapata jina, simu na mtaa ili mzigo ufike, kampuni ya meseji inapata namba na ujumbe wa oda. Na picha za skrini basi, anaandika hivyo vitu vitatu tu.

Twende kwenye kuki. Sera inasema kuki ni za kukumbuka kapu tu. Fungua duka kwenye kompyuta, Chrome, bonyeza F12, nenda Application, kisha Cookies, usikubali chochote kwanza. Nimeikuta `_fbp`, hiyo ni kuki ya pikseli ya matangazo ya Meta, kwa kawaida inakaa siku 90, haihusiani na kapu hata kidogo. Kumbe kijana aliyemtengenezea tangazo aliibandika akaondoka zake. Ila ukiangalia usiikute usishangilie, kuna njia ya seva kutuma taarifa moja kwa moja kwa kampuni ya matangazo na hapo kwenye brauza huoni kitu, inabidi umuulize aliyekufungia mfumo.

Haya, masharti ya uchakataji, hapa ndo penyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatenganisha mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ndo anayeamua taarifa zichukuliwe za nini, yaani shoga yangu, mchakataji anazishughulikia kwa niaba yake, yaani mfumo. Kifungu cha 4 cha masharti ya mfumo kizuri, kinasema watafanya kwa maelekezo ya mwenye duka tu. Unateremka mpaka cha 9: wanaweza kutumia taarifa za wateja "kuboresha na kutangaza huduma zetu na za washirika wetu". Ehe! Umempa fundi kitambaa akushonee kanzu, kakata kipande kajishonea kofia. Akishazitumia kwa shughuli zake mwenyewe huyo si mchakataji tena kwa hilo, na mteja akipata meseji asizozijua atakuja kumgombeza shoga yangu, huyo mwengine hamjui.

Kufuta je? Wameandika ukifunga akaunti taarifa zinafutwa ndani ya siku 30. Bakapu hazikutajwa, nkawaandikia, wakajibu bakapu hukaa siku 90 ndo zinajifuta. Piga hesabu: bakapu iliyochukuliwa siku ya 30 itakuwepo mpaka siku ya 120. Sio vibaya sana, ila ingeandikwa. Na taarifa zikivuja wanasema watajulisha "kwa wakati muafaka", wallahi hiyo mie siihesabu kuwa ahadi, nataka masaa.

Kifungu cha 9 wana fomu ya kujitoa, imefichwa kwenye mipangilio ya akaunti chini kabisa, tumeijaza wakatuthibitishia kwa imeli, hiyo imeli iwekeni. Pikseli imetolewa. Tarehe ya kuzaliwa imetoka kwenye fomu, halafu tukaingia kwenye orodha ya wateja tukafuta na zile za zamani mmoja mmoja, maana kukitoa kisanduku kwenye fomu hakufuti zilokwisha ingia, tumekesha mpaka saa sita usiku.