Sanduku lilirudi na magurudumu matatu, wakaanza kunihesabia siku

Yule kijana wa dawati la mizigo aligeuza sanduku langu kwa mguu. Kwa mguu! Tulitua Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam usiku wa Jumamosi moja, nikiwa na mama niliyempeleka Mumbai kutibiwa, na sanduku likaja kwenye mkanda limelala ubavu kama mlevi. Gurudumu moja halipo, limeng'oka pamoja na kikombe chake, na kona ya chini imepasuka mpaka kanga za mama zinachungulia. Kijana akalisukuma kwa ncha ya kiatu, akasema, "Dada, hayo ni matumizi ya kawaida. Magurudumu hatulipi."

Niliapa palepale kwamba ndege yao sipandi tena. Lakini akatoka mama mmoja wa ofisi hiyohiyo, akamtafutia mama yangu kiti, akatujazia fomu ya PIR, ile ya kuripoti mzigo ulioharibika, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, hii ni taarifa tu. Andika barua ya madai, una siku saba." Kiapo changu kikapoa kidogo.

Siku saba hizo zinatoka kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999 wa safari za ndege za kimataifa, ambao Tanzania imeuridhia. Mzigo ukiharibika, unalalamika kwa maandishi ndani ya siku saba tangu uupokee. Ukinyamaza, inachukuliwa kwamba uliupokea mzima, na muda ukipita huna tena kesi, labda shirika lenyewe liwe limefanya ulaghai.

Mimi na dawa za mama, foleni na kazi, nikafika kwa fundi wa mabegi Kariakoo siku ya Alhamisi. Huyu mzee alinifundisha kitu. Alipitisha kidole kwenye gurudumu lililobaki akasema gurudumu la kuchoka huliwa pembeni, mpira unakuwa mwembamba, na hili bado nene. Kisha akanionyesha mpasuko wa kona: kingo zake nyeupe, mbichi, hazina vumbi wala weusi. "Hili limeanguka kutoka juu, tena juzijuzi." Nikamwomba ayaandike hayohayo kwenye karatasi yenye mhuri wa duka, pamoja na bei: gurudumu na kikombe chake 25,000, bati la kona 30,000, ufundi 15,000. Jumla shilingi 70,000.

Ijumaa jioni, siku ya sita, nikatuma barua kwa anwani ya barua pepe iliyochapishwa kwenye fomu yao. Niliandika namba ya PIR, namba ya lebo ya mzigo, safari na siku niliyopokea sanduku, kilichovunjika, na kiasi ninachodai. Nikaambatisha picha za uwanjani, kipande cha tiketi ya kupandia na makadirio ya fundi. Ukurasa mmoja tu. Hasira nilizibakiza nyumbani, na hilo lilinigharimu kuliko barua yenyewe.

Jibu likaja: dai limekataliwa kwa sababu "limepokelewa siku ya tisa". Siku ya tisa! Kumbe barua ilikaa wikiendi nzima, wakaifungua Jumatatu. Nikafunga safari hadi ofisini kwao mjini. Nani yuko kaunta? Yule wa kiatu. Hata hakunitazama. "Dada, tumeipata Jumatatu, mfumo ndivyo unavyosema."

Nilimwekea simu mbele. Mkataba haujali umeifungua lini. Unataka malalamiko yakabidhiwe au yatumwe ndani ya muda, na yangu yametumwa Ijumaa, saa inaonekana. Akahamia kwenye magurudumu, kwamba masharti ya tiketi hayayahusu. Nikamsomea ya fundi, nikamuuliza kona nayo ni gurudumu? Shirika linajinasua pale uharibifu unapotokana na ubovu wa sanduku lenyewe, na ubovu haupasui plastiki nene kwa safari moja. Na kikomo cha fidia tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, kama dola 2,000 hivi. Mimi nadai 70,000, hela ya kuku wachache! Watu wa foleni wakacheka, yeye akaingia ndani.

Aliyetoka ni yule mama wa uwanjani. Akasoma barua akiwa amesimama, akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, akasema, "Pole mwanangu." Wiki kadhaa baadaye 70,000 ikaingia kwenye simu, bila hata neno la samahani.

Kwa hiyo shirika baya? Baya. Ila yule mama angekuwa ndiye shirika, ningewapa nyota zote. Mdogo wangu ananiuliza akate tiketi kwao mwezi ujao, nauli yao iko chini. Nimemwambia akate. Sanduku aliache kwangu, aende na begi la mgongoni.