Gredi A iliyozimika kipindi cha pili: uzoefu wangu na laptopu za michezo za jumla hapa Lubumbashi

Nilinunua loti ya laptopu kumi za michezo, zilizotumika Ulaya na kurekebishwa huko, kutoka kwa mwagizaji mmoja wa hapa Lubumbashi, na kila moja ilikuwa na kibandiko cha gredi A. Mwanzoni ningemsifu muuzaji huyo mbele ya mtu yeyote. Mifuniko haikuwa na mkwaruzo, herufi za kibodi zilikuwa hazijafutika, na skrini zilikuwa safi kabisa. Niliuza kadhaa haraka, na wateja waliondoka wameridhika.

Kisha kijana mmoja wa Kamalondo akairudisha ya kwake. «Mama, inazimika yenyewe kila tukifika kipindi cha pili,» aliniambia, maana alikuwa ameinunua acheze mpira na wenzake. Niliiwasha mbele yake, nikafungua video, nikaandika, nikaiacha ikae. Haikuonyesha kasoro yoyote. Tulipoanzisha mchezo wenyewe, feni zilipiga kelele, picha ikaanza kukwamakwama, na baada ya muda skrini ikawa nyeusi.

Fundi wangu alifungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya shaba ambavyo hewa hupita kuondoa joto, kulikuwa na tabaka la vumbi la kijivu lililoshikamana, lenye manyoya ya mnyama ndani yake, na fundi alilivuta likatoka zima. Chini ya shaba, pasta inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la kidimbwi wakati wa kiangazi. Mashine hiyo haikuwahi kufunguliwa na mtu aliyetaka kuisafisha, lakini nje ilikuwa imefutwa hadi inang'aa.

Nilimpelekea muuzaji picha, kisha nikaenda mwenyewe. Jibu lake ndilo linaloniuma hadi sasa: «Mama, gredi A ni gredi A. Hilo ni vumbi la kwenu kule sokoni. Ukitaka mpya, lipa bei ya mpya.» Alisema hivyo mbele ya wateja wengine, bila hata kuitazama picha. Kila mtu wa Lubumbashi anajua rangi ya vumbi letu la kiangazi: ni jekundu, nalo hutia rangi kila kitu linachokigusa. Vumbi lile lilikuwa la kijivu tupu, la zulia na paka wa nyumba ya watu, na lilisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, likapita Zambia na Kasumbalesa pamoja na mashine. Isitoshe, dhamana yake ya siku 30 ilikuwa imehesabiwa tangu mzigo ulipotoka ghalani Ulaya, kwa hiyo iliisha barabarani.

Ni haki kusema kwamba kibandiko chenyewe hakikudanganya kuhusu kile kilichopimwa. Katika biashara hii hakuna mamlaka moja inayosema gredi A ni nini. Kila ghala lina maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo yanahusu sura: mikwaruzo, nyufa, madoa ya skrini, herufi zilizofutika. Kiwango cha R2 kinachotumiwa na warsha nyingi za kurejesha vifaa vya elektroniki, katika toleo lake la tatu, hutenganisha alama ya sura, yenye herufi C, na alama ya utendaji, yenye herufi F. Muuzaji anayekupa herufi moja tu amekupa nusu ya habari. Kwa laptopu za michezo nusu hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu nyingi hukaa mezani miaka yote, zimechomekwa kwenye umeme, hazibebwi begani. Nje zinabaki safi, huku ndani zikichemka kila jioni, na betri ikizeeka kwa joto. Ukiiweka juu ya kioo ikayumba, au ukiona sehemu ya kugusa kwa kidole imeinuka, betri imevimba, usiichaji tena.

Tangu siku hiyo sipokei mashine kabla ya kuendesha mchezo mzito kwa nusu saa, ikiwa imechomekwa, huku dirisha la amri likionyesha tarakimu tatu kila sekunde 5:

```
nvidia-smi --query-gpu=temperature.gpu,clocks.sm,power.draw --format=csv -l 5
```

Ya kwanza ni joto la kadi ya picha, ya pili ni kasi yake, ya tatu ni wati inazokula. Mashine ya yule kijana ina GTX 1660 Ti, ambayo toleo lake la kawaida la laptopu limepangiwa wati 80. Joto lilipanda hadi nyuzi 87, kasi ikashuka, wati zikaanguka hadi arobaini na kitu: kadi ilikuwa inajipunguza ili isiungue. Namna joto linavyopanda nayo hueleza jambo. Likiruka ndani ya sekunde chache na kushuka haraka vilevile ukifunga mchezo, shida iko kwenye pasta au shaba isiyogusa vizuri. Likipanda polepole na kukawia kushuka, hewa haipiti, na huko ndiko kwenye vumbi au feni iliyochoka.

Mashine nyingine ya loti hiyo ilinichanganya, maana joto lilibaki nyuzi 60 na bado mchezo ulikwama, wati zikiwa chini muda wote. Kosa lilikuwa chaja. Tundu lilikuwa lilelile, lakini kibandiko kilisoma volti 20 na ampea 6.75, yaani wati 135, wakati mashine iliundiwa chaja ya volti 20 na ampea 11.5, yaani wati 230. Inawaka, inachaji, na inakunyima nguvu uliyolipia.

Kipimo hiki nacho kina mipaka. Mashine moja ilikuwa na tarakimu nzuri zote, lakini nukta za rangi zilitapakaa skrini. Mtu fulani aliwahi kuifungua na kupaka pasta mahali pa vile vipande laini vinavyofunika kumbukumbu ya kadi, hivyo shaba haikuzigusa. Joto la kumbukumbu halimo katika tarakimu zile tatu, na chipu zake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hivyo kuibadilisha ni gharama isiyolipa.

Baada ya kusafishwa na kutiwa pasta mpya, mashine ya kijana ilicheza jioni nzima kwa nyuzi 74 na karibu wati zote 80, na nyingi za zile zilizobaki ziko sawa. Kwa bei ile, pamoja na gharama ya fundi, bado ni biashara, na nilikuwa tayari kuandika kwamba ningerudi kwa muuzaji huyo kwa masharti: gredi ya utendaji kando, nusu saa ya kipimo mbele yangu, na dhamana inayoanza siku ninayopokea mzigo. Nilimpelekea masharti hayo. Alinijibu kwamba mashine za gredi A hazipimwi dukani kwake, na kwamba wateja wengine hawamsumbui hivyo. Basi simpi tena hata dola moja, na ile yenye nukta za rangi nitaipeleka kaunta kwake, niiwashe mbele ya wateja wake.