Kifinglishi: Kurudisha Hati ya Kiajemi Kwanza, au Kutafsiri Moja kwa Moja?

Katika Kifinglishi, yaani Kiajemi kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, «bad» huweza kuwa بد (mbaya), باد (upepo) au بعد (baadaye). Mtu akiandika «az in bad badam miad», mfasiri anayerudisha hati, yaani anayeandika upya maneno kwa herufi za Kiajemi kabla ya kutafsiri, hulazimika kuamua: از این باد بدم میاد, yaani «siupendi upepo huu». Kiambishi «-am» pamoja na «miad» hutambulisha msemo wa kuchukia, ilhali «in», yaani «huu», iliyotangulia huelekeza kwenye nomino. Njia hii ni ya polepole, lakini kila uamuzi huonekana, na neno hutafutika katika kamusi.

Kutafsiri moja kwa moja ni haraka, na kuna mahali kunashinda kwa uhakika pia: hati ya Kiajemi kwa kawaida haiandiki irabu fupi, hivyo «gol» (ua) na «gel» (udongo) zote huwa گل. Ukirudisha hati, hifadhi maandishi ya awali kando yake.

Kwa salamu fupi za mwandishi unayezoea tahajia yake, ningetafsiri moja kwa moja. Kwa mgeni, au ujumbe wenye ahadi na tarehe, ningerudisha hati, na «bad miam», ambayo huenda ni «nitakuja baadaye», ikibaki na utata, ningemuuliza mwandishi.