Prompti za seti ya barua, kadi na bahasha: ipi ununue kwanza

Prompti, yaani maelekezo ya maandishi, za kutengeneza picha za seti ya ofisi kwa akili unde huuzwa kwa sura tatu. Picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti zao. Utaziona utakapoingiza maelezo ya biashara yako.

Ya kwanza kwa ubora ni kiolezo kinachoacha karatasi, kadi na bahasha bila maandishi. Programu za kuchora picha mara nyingi huchora herufi kama zinavyochora majani, kwa hiyo jina la kwenye kadi huweza kutofautiana na la kwenye bahasha, na namba ya simu nayo huweza kuharibika. Ukipata picha tupu, nembo yako halisi unaipachika baadaye kwa programu ya usanifu kama Inkscape au Canva, nayo inabaki ileile kote. Kwa muuza karafuu wa Pemba anayetumia Midjourney, kiolezo kingekuwa hivi:

```
flat lay, blank A4 letterhead, blank DL envelope,
two blank business cards, deep green and off-white,
small clove bud line motif, soft daylight from left
--ar 3:2 --no text, letters
```

Hapo hubadilishwa rangi na pambo tu. Taja rangi kwa jina, kwani msimbo kama #1F3D2B haufuatwi kwa uhakika.

Ya pili ni prompti tatu, moja kwa kila kitu, zenye sentensi ileile ya mtindo na `--sref`, amri ya Midjourney ya kuiga mtindo wa picha, inayoelekeza kwenye picha ileile. Inafaa ukitaka kadi ionekane kwa karibu. Kasoro yake ni kwamba kijani cha bahasha huweza kukolea kuliko cha kadi, na mwanga ukatoka upande mwingine. Ziweke picha zote tatu pamoja kabla ya kumwonyesha mteja.

Ya mwisho ni prompti inayoahidi kila kitu kwa mpigo, jina na anwani vikiwemo. Tunaishauri kwa mchoro wa kwanza wa wazo, si zaidi.

Kabla ya kulipa, omba sampuli za biashara tatu tofauti na uangalie vipimo. Bahasha ya DL ina urefu wa milimita 220 na karatasi ya A4 ina upana wa 210, kwa hiyo bahasha iizidi karatasi kidogo tu. Kadi ya milimita 85 haifiki nusu ya bahasha hiyo. Kadi ikionekana kubwa kama postikadi, vipimo si sahihi, na mteja ataidhinisha umbo lisilokuwepo.

Muuzaji akisema picha hiyo inapelekwa moja kwa moja kwa mpiga chapa, mwache. Kadi ya milimita 85 kwa 55 huandaliwa kwa 91 kwa 61, yaani ziada ya milimita 3 ya kukatia kila upande, kwa CMYK, mfumo wa rangi wa uchapaji, na nembo ya vekta, isiyopoteza ubora ikikuzwa. Faili hilo hutengenezwa upya, picha ikiwa mwongozo tu.