Skuta yangu ya umeme iligoma kuchaji baada ya miezi mitano stoo

Skuta hii niliinunua kwa mtu, hapa Dar, na kwa mwaka mzima ilinitoa Sinza hadi kazini bila tatizo. Kisha nikapata kazi Mtwara. Niliiacha stoo ikiwa imebaki kijiti kimoja cha chaji, nikijua nitarudi baada ya wiki tatu. Nikarudi baada ya miezi mitano.

Nikabonyeza swichi, kimya. Nikachomeka chaja, taa ikabaki kijani. Hiyo kijani ndiyo iliyonipotosha, maana kwenye chaja nyingi ina maana betri imejaa. Kumbe taa inasoma jambo moja tu: umeme unapita au haupiti. Betri ikijaa haupiti, na betri ikijifunga nao haupiti.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alitoa jibu haraka mno: "Bosi, tunaruka bodi, tunapiga chaja moja kwa moja kwenye seli." Nilimshukuru, nikabeba skuta yangu.

Wa pili, wa Kariakoo, alianza na mita. Chaja ilitoa volti 42, kwa hiyo ni nzima. Akafungua sakafu ya skuta, akatoa betri na kuchana plastiki yake ya bluu. Ndani kuna seli 30, zimepangwa makundi 10 ya seli tatu tatu, na juu yake bodi ndogo ya ulinzi. Kwenye waya zinazotoka nje ya bodi mita haikusoma kitu cha maana. Kwenye seli zenyewe ilisoma volti 24.9. Betri haikuwa imekufa, bali mlango ulikuwa umefungwa.

Bodi hiyo inapima kila kundi peke yake. Ukiendesha hadi kundi moja likashuka karibu na volti 3, inakata umeme wa kutoka na skuta inazima. Huo ni ulinzi wa kawaida, ukichaji mambo yanaendelea. Tatizo ni kwamba bodi yenyewe inakula umeme hata skuta ikiwa imelala. Fundi aliupima: miliampea 0.3. Ni kidogo sana, lakini kwa siku 150 inafika kama ampea-saa 1.1, na betri yangu nzima ni 7.8. Kile kijiti kimoja nilichoacha kililiwa chote, na zaidi.

Makundi yakishuka chini mno, bodi inafunga upande wa pili pia: haipokei chaji. Nilidhani ni ubovu wa kiwanda, hadi aliponieleza sababu. Seli ya lithiamu ikikaa chini ya volti 2 hivi, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka. Ukiichaji baadaye, shaba ile huganda pasipo mahali pake na inaweza kuunganisha pande mbili za seli kwa ndani. Hapo ndipo moto unapoanzia, pengine usiku umelala. Kuruka bodi ni kumfukuza mlinzi huku mwizi yuko ndani.

Akapima kundi moja moja. Tisa zilikuwa karibu volti 2.58. La saba lilisoma 1.72. Akaguna. "Kaka, hili liko mpakani. Lingekuwa chini ya moja na nusu, ningekata hizi tatu nikaweka mpya."

Alitumia pawasaplai ya mezani, ile unayoweza kuiwekea kikomo. Kundi la saba alilipa ampea 0.2 tu, kikomo volti 3, huku anagusa seli kila baada ya dakika chache kusikiliza joto. Lingepata joto, angeacha. Halikupata. Kisha akazipandisha zote kwa mwendo uleule hadi zikapita volti 3, akachomeka chaja yangu. Taa ikawa nyekundu, bodi imekubali. Betri akakaa nayo dukani siku saba baada ya kujaa. Makundi tisa yalibaki 4.15, la saba likateremka hadi 4.02. Yaani linavuja.

Kazi yake naipa nyota tano. Alinitoza elfu arobaini na hakunificha kitu. Skuta naipa tatu. Zamani nilikuwa napata kilomita 18, sasa nazima kwenye 14, kwa sababu kundi dhaifu likifika chini, bodi inakata hata kama mengine tisa bado yana chaji. Na mtengenezaji angeweza kuweka namna ya kuizima bodi kabisa mtu akisafiri. Sasa nikiondoka naiacha kwenye nusu ya chaji au zaidi kidogo, na kila mwezi mdogo wangu anaiangalia.

Mke wangu amekataa isichajiwe tena sebuleni. Nachajia kibarazani, juu ya sakafu ya saruji, nikiwa macho, hadi nitakapopata hela ya seli tatu.